Kabla ya Kutia Sahihi

Jumatatu, 26 Februari 2024

Nimeipata kazi. Kaka wa utumishi alinipigia saa nne asubuhi, na mchana nikapanda ngazi za lile ghorofa la Mtaa wa Narung'ombe mpaka ofisini kwao, nikakabidhiwa bahasha. Mhasibu, kampuni inayoagiza vitambaa na mapazia na kuuza kwa jumla. Mkataba wa miaka miwili, miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Kalamu ilikuwa tayari mezani, alitaka nitie sahihi palepale. Nikamwomba niende nayo nyumbani nikaisome kwa utulivu. Akasema, "Sawa dada, ila wiki ijayo tuwe tumemaliza, wapo wengine wanasubiri."

Sikufika nayo nyumbani. Niliisomea Mnazi Mmoja, kwenye kivuli. Ni ukurasa mmoja na nusu. Mshahara umeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno: shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Saa za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi. Usiri, nidhamu, ukaguzi wa mizigo, yote yameelezwa kirefu. Halafu kipengele cha saba, mstari mmoja tu: "Mwajiriwa atapata bima ya afya, likizo na mafao ya uzeeni kwa mujibu wa sheria na taratibu za kampuni."

Taratibu za kampuni hazikuambatanishwa. Nimegeuza bahasha, nimetazama nyuma ya karatasi, hakuna kitu. Mambo matatu yanayonihusu kuliko yote yameunganishwa kwenye sentensi moja inayonipeleka kwenye waraka ambao sijauona.

Jambo la kwanza ni mwanangu. Ana pumu. Zamani alikuwa na Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mwaka, na kila kifua kilipobana nilikuwa nambeba na kadi mkononi. Mwaka jana NHIF ikasitisha uandikishaji wa ule utaratibu, kadi yake ikaisha muda, na tangu hapo dawa ya kuvuta nainunua kwa fedha taslimu. Kwa hiyo ninaposoma maneno "bima ya afya" nataka kujua ni bima gani, inaanza lini, na kama jina la mtoto litakuwemo.


Jumanne, 27 Februari

Nimeenda Mtaa wa Sikukuu kwa mjomba. Amestaafu, lakini aliwahi kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 anayo kwenye mfuko wa nailoni, kurasa zimeanza kuachana. Nilimwamkia, tukanywa kahawa, ndipo nikatoa barua. Aliisoma mara mbili.

"Kifungu cha 15," akasema. Kifungu hicho kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya ajira yake: kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa, pamoja na marupurupu mengine. Maelezo hayo mwajiri anatakiwa ayatunze mpaka miaka mitano baada ya ajira kwisha. Na mgogoro ukifika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri asiyeweza kutoa maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba sharti unalolidai halikuwepo.

Nikafurahi. Nikasema basi sheria iko upande wangu, nitie tu sahihi. Mjomba akanitazama.

"Mwanangu, soma vizuri. Inasema anapoanza kazi. Wewe bado hujaanza. Leo huna haki ya kumdai chochote, una nafasi ya kumwomba. Na ukishatia sahihi, nafasi hiyo nayo imekwenda." Akaendelea kwamba kubeba mzigo wa kuthibitisha ni jambo la siku ya kesi, na siku ya kesi mtu ameshapoteza kazi. Katika miezi sita ya kwanza ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki bado haujamfikia mfanyakazi. Kwa hiyo anayeanza kudai maandishi mwezi wa pili anadai akiwa amesimama mahali pabaya kabisa.

Haya ndiyo niliyoyachukua kwake, na naona ni kweli: wakati wa kuuliza ni huu, wiki hii, barua ikiwa mikononi mwangu na sahihi yangu bado haipo.

Ameniambia pia nisiulize "mna bima?" maana jibu lake ni ndiyo. Niombe waraka. Niombe jedwali la mafao ya bima, kanuni ya likizo ilivyoandikwa, na sampuli ya hati ya mshahara.


Jumatano, 28 Februari

Nimemwandikia kaka wa utumishi barua pepe. Niliandika ndefu kwanza, nikaifuta, nikabakiza hii:

"Nashukuru kwa nafasi mliyonipa na niko tayari kuanza tarehe mliyopanga. Kabla ya kurudisha barua ikiwa na sahihi, naomba kupata kwa maandishi: (1) jina la mfuko au kampuni ya bima ya afya, jedwali la mafao, wategemezi wanaoruhusiwa na tarehe bima inapoanza, (2) idadi ya siku za likizo ya mwaka na jinsi zinavyohesabiwa, (3) kiasi cha mshahara kinachotumika kukokotoa michango ya NSSF, na mgawanyo wake kati ya mwajiri na mwajiriwa. Mkiona vyema, haya yanaweza kuwa kiambatisho cha barua ya ajira."

Nimeanza na utayari wa kuanza kazi kwa makusudi. Asije akaniona kama mtu anayetafuta sababu ya kukataa.

Jioni amejibu kwa ujumbe wa sauti. Sauti ya kirafiki kabisa. "Dada usijali, hivyo vyote vipo, likizo siku 21 za kazi, zaidi hata ya sheria, bima ipo, NSSF tunakata kama kawaida." Nimemshukuru, nikamwomba tena kwa upole aniwekee kwenye karatasi. Amesoma, hajajibu.


Alhamisi, 29 Februari

Siku 21 za kazi, zaidi ya sheria. Nimekaa nayo leo na kalenda.

Sheria inatoa siku 28 mfululizo kwa kila mwaka wa likizo. Mfululizo maana yake Jumapili imo, na sikukuu ikiangukia ndani imo pia. Kwa ofisi ya Posta inayofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, siku 28 ni wiki nne, sawa na siku 20 za kazi. Hapo mtu akikupa siku 21 za kazi kweli amekuongezea moja. Lakini Kariakoo hatufungi Jumamosi. Barua yenyewe inasema siku sita kwa wiki. Wiki nne za siku sita ni siku 24 za kazi. Siku 21 ni wiki tatu na nusu tu, kwa hiyo anayeambiwa amezidishiwa kumbe amepunjwa siku tatu.

Sidhani kaka yule alikusudia kunidanganya. Nahisi kanuni yao imenakiliwa kutoka kampuni ya siku tano na hakuna aliyeipiga hesabu upya. Lakini mfanyakazi anayepoteza siku tatu kila mwaka harudishiwi kwa sababu ya nia njema ya mtu.

Kuna na la pili, ambalo sikuliuliza: likizo inachukuliwa lini. Mwajiri ndiye anayepanga, ila asivuke miezi sita tangu mwaka wa likizo uishe, au miezi kumi na miwili kama mfanyakazi amekubali na kazi kweli inabana. Biashara ya mapazia kazi hubana kabla ya Idi, kabla ya Krismasi, na wakati wa kuhesabu mali. Nitaomba iandikwe kwamba wasiponipa likizo ndani ya muda huo, siku zangu hazifutwi.


Ijumaa, 1 Machi

Kila mtu mtaani anazungumzia kadi leo. Hospitali kadhaa binafsi zimesitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kuanzia leo, kwa sababu ya kitita kipya cha bei ambacho mfuko umeanza kukitumia. Mazungumzo na serikali yanaendelea. Jirani yangu, mwalimu, ana kadi halali na michango yake inakatwa kila mwezi, lakini hospitali aliyoizoea imebandika tangazo getini.

Nimejifunza kitu hapa. Kujua jina la mfuko pekee hakutoshi. Orodha ya hospitali zinazopokea kadi ni sehemu ya bima yenyewe, na orodha inaweza kubadilika bila mwajiri wako kufanya lolote. Mwanangu kifua kikimbana usiku, nahitaji mahali pa kufikika kutoka Ilala. Nimeongeza swali: ni vituo gani vya Ilala na Kariakoo vinavyopokea kadi hiyo, kwa wagonjwa wa nje na kwa kulazwa.

Kuhusu ile Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Bunge liliipitisha Novemba mwaka jana na itawagusa waajiri binafsi, lakini utekelezaji wake haujanifikia. Siwezi kumpeleka mtoto hospitali kwa sheria inayosubiri.


Jumamosi, 2 Machi

Nimeitwa ofisini. Safari hii mkurugenzi mwenyewe alikuwepo, mzee wa makamo, ana miaka mingi Kariakoo. Barua pepe yangu ilikuwa imechapwa, iko mbele yake.

"Binti, hujaanza kazi unadai likizo?"

Nikamjibu kwamba sidai likizo, ninaomba kujua tu, ili mwaka kesho mimi na yeye tusibishane. Nikamwambia kazi anayoniajiria ni ya kuhakikisha kila mzigo una karatasi yake, ankara, stakabadhi, hati ya kupokelea, na nimezoea hivyohivyo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, mpe." Sijui kama alikubali au alichoka kubishana. Nimetoka na karatasi mbili.

Ya kwanza ni jedwali la bima. Si NHIF, ni kampuni binafsi ya bima. Kulazwa kuna kikomo cha shilingi milioni 10 kwa familia kwa mwaka. Matibabu ya nje, shilingi 600,000. Mwenza na watoto wanne wanaruhusiwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna mambo mawili. Magonjwa sugu yaliyokuwepo kabla ya kujiunga hayalipiwi kwa miezi sita ya kwanza. Na mwajiriwa anaandikishwa akishathibitishwa kazini.

Weka hayo mawili pamoja. Majaribio ni miezi sita, kadi haipo. Nathibitishwa, kadi inatoka, pumu inasubiri miezi sita mingine. Kwa hiyo ile "bima ipo" ya kwenye ujumbe wa sauti, kwa mwanangu maana yake ni mwaka mzima bila bima kwa ugonjwa mmoja alio nao. Alichosema kaka yule kuhusu bima kilikuwa kweli, lakini mtoto angebaki hana kadi.


Jumapili, 3 Machi

Karatasi ya pili ni sampuli ya hati ya mshahara, na usiku imenikosesha usingizi. Milioni 1.2 imevunjwa vipande: mshahara wa msingi 600,000, posho ya nyumba 300,000, usafiri 200,000, chakula 100,000. Kwenye mstari wa NSSF, makato ya mwajiriwa ni 60,000.

Mchango wa NSSF ni asilimia 20, na kawaida nusu anatoa mwajiri, nusu mwajiriwa. Sitini elfu ni asilimia 10 ya laki sita. Wamekata kwenye mshahara wa msingi peke yake. Mjomba, nilipompigia, alisema NSSF inahesabu kwenye mshahara ghafi, na kwamba kukata kwenye msingi ni mazoea ya zamani ambayo waajiri wengi hawajayaacha, maana mwajiri naye anaokoa nusu yake.

Mwanzoni mtu huona nafuu. Wakikata 60,000 badala ya 120,000, mfukoni zinabaki 60,000 zaidi kabla ya kodi. Lakini mfukoni mwa mwajiri nako zimebaki 60,000 ambazo zilipaswa kuwa zangu. Kwa mwezi, inayoingia kwenye mfuko ni 120,000 badala ya 240,000.

Nimepiga hesabu ya pensheni. Tangu Julai 2022 kanuni ni moja ya 580 kwa kila mwezi uliochangia, mara wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo bora. Kima cha chini cha kupata pensheni ya uzee ni miezi 180, yaani miaka 15. Mtu akistaafu na miezi 180 na mshahara uliochangiwa ni 1,200,000, pensheni kabla ya kutoa mkupuo ni kama 372,000 kwa mwezi. Mshahara uliochangiwa ukiwa 600,000, ni kama 186,000. Mtu yuleyule, kiti kilekile, jasho lilelile. Tofauti imetoka kwenye safu moja ya hati ya mshahara.

Na mshahara wa msingi haufanyi kazi NSSF tu. Malipo ya saa za ziada yanakokotolewa kutoka humo. Kiinua mgongo cha kuachishwa kazi ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika. Anayeufanya mdogo anakuwa ameyapunguza yote hayo bila kugusa ile milioni 1.2 iliyoandikwa kwa maneno na kwa tarakimu.


Jumanne, 5 Machi

Nimerudisha majibu kwa maandishi, mambo matatu, na kila moja na hesabu yake mstari mmoja. Likizo: siku 28 mfululizo au siku 24 za kazi. NSSF: asilimia 10 kwa 10 ya mshahara ghafi. Bima: kuandikishwa siku ya kwanza ya kazi, pamoja na mtoto, ili muda wa kusubiri wa pumu uanze kuhesabika mara moja.

Kwa hilo la tatu sikuomba kitu kikubwa. Sikuomba waondoe muda wa kusubiri, maana huo si wao, ni wa kampuni ya bima. Nimeomba kile kilicho mikononi mwao tu, tarehe ya kuandikisha.

Mama amekasirika. Anasema nachezea riziki. Ananikumbusha dada mmoja wa Gerezani aliyenyang'anywa nafasi kwa kuuliza sana. Siwezi kumwambia hofu yake haina msingi, kodi ya nyumba ni mwisho wa mwezi huu. Ila nimemwambia kwamba mwajiri anayeghairi kwa sababu ya kuulizwa tarehe ya bima, huyo siku mtoto akilazwa angekuwa mgumu zaidi.


Alhamisi, 7 Machi

Kaka wa utumishi amenipigia. Likizo wamekubali, siku 24 za kazi, na akaniuliza kwa sauti ya chini kama hesabu ile inamhusu yeye pia. Nikamwambia inamhusu.

NSSF, mkurugenzi anataka kumwuliza mhasibu mkuu. Bima amesema haiwezekani, kampuni inalipia kadi kwa mwaka na watu wengine wanaacha kazi mwezi wa pili. Nimeielewa hoja yake, ni hasara halisi. Nimependekeza nusu njia: miezi mitatu badala ya sita.


Jumatatu, 11 Machi

Kiambatisho kimetoka. Karatasi moja, muhuri, sahihi ya mkurugenzi. Barua inataja kwamba kiambatisho ni sehemu ya mkataba, nilihakikisha neno hilo limo ndani ya barua yenyewe, si kwenye kiambatisho peke yake.

Likizo iko sawa, pamoja na sentensi ya siku kutofutwa. NSSF ni mshahara ghafi, asilimia 10 kwa 10. Mfukoni nitapata pungufu kidogo ya nilivyotarajia mwanzoni na nimeridhika. Bima ni baada ya miezi mitatu, mimi na mtoto, majina yetu yote mawili yameandikwa. Pumu yake itaanza kulipiwa miezi sita baada ya hapo. Miezi tisa si mwaka, lakini bado ni miezi tisa, na dawa ya kuvuta nitaendelea kuinunua. Hilo sikulipata.

Nimewapa namba yangu ileile ya uanachama wa NSSF niliyoipata kwenye kazi ya kwanza, nikawaomba wasinisajili upya. Miezi iliyokwishachangiwa kule lazima iungane na hii, la sivyo safari ya kufika 180 naianza sifuri.

Nimetia sahihi kila ukurasa, nakala moja wanayo, moja ninayo, na nyingine nimeipeleka Mtaa wa Sikukuu ikae na ule mfuko wa nailoni. Naanza Jumanne tarehe 2 Aprili, kwa kuwa Jumatatu ni ya Pasaka. Michango ya Aprili mwajiri anatakiwa awe ameifikisha ndani ya mwezi unaofuata, yaani Mei iishe imeshaingia. Makato yakionekana kwenye hati ya mshahara haina maana fedha imefika kwenye mfuko, kuna waliogundua pengo la miaka siku ya kustaafu. Nimeandika kwenye kalenda: Jumatatu 3 Juni, kuomba taarifa ya michango NSSF, kulinganisha na hati ya mshahara ya Aprili. Inatakiwa isome 240,000.